Barua kwa Bwana Mhimili

Kitu chenye taa inayokonyeza, mimi hudhani kinaniita. Ndivyo nilivyoolewa, na ndivyo nilivyoharibu kazi ya mjukuu wangu.

Mjukuu mwenyewe ni mtoto wa binti yangu wa kwanza. Anaishi nami tangu aingie chuo kikuu, maana kutoka kwangu hadi chuoni ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, kumi ukiwa na njaa. Yuko mwaka wa tatu, anasomea uhandisi wa umeme. Mimi namwita mke mwenzangu, kwa sababu marehemu babu yake alimpenda kuliko alivyonipenda mimi, na jambo hilo sijamsamehe yeyote kati yao. Yeye ananiita Bibi. Akitaka kitu ananiita Bibi mrembo.

Jumatano moja asubuhi aliacha kompyuta yake juu ya meza ya kulia chakula, flashi imechomekwa ubavuni, akaingia kuoga. Flashi ile ilikuwa ya sote wawili. Ndani yake mlikuwa na masomo yake, na mlikuwa na nyimbo za zamani anazonitafutia, ambazo mimi huzisikiliza kwa redio yangu ndogo inayokaa dirishani jikoni. Redio ina tundu la flashi na vitufe sita. Navijua vitatu.

Nilikuwa nakata vitunguu. Bila wimbo kitunguu kinakuliza bure. Ukiwa na wimbo, angalau unalia kwa sababu. Nikafuta mikono, nikaja mezani. Kijitaa cha bluu kwenye flashi kilikuwa kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima. Nikasema, haya, nimekuona. Nikachomoa, nikaenda nayo kwenye redio, nikabonyeza kitufe. Wimbo haukutoka. Redio ikawasha jicho jekundu, ikaninyamazia. Basi nikaimba mwenyewe, huku nikiongea na sufuria kama kawaida yangu, maana katika nyumba yetu sufuria ndiyo pekee isiyonikatiza.

Nikiwa katikati, sauti ikatoka bafuni: "Bibi! Usiiguse kompyuta, bado inaandika!"

"Nani aiguse?" nikajibu. "Mimi na kompyuta wapi na wapi?"

Mkono wangu ulikuwa juu ya redio. Nikabonyeza kile kitufe tena, jicho likafumba, nikaichomoa flashi nikakimbia nayo mezani. Nikijaribu kuichomeka, haiingii. Nikaigeuza, haiingii. Vitu hivi vina juu na chini, kama shati. Niliposikia mlango wa bafu, nikaiweka tu mezani kando ya kompyuta, ikae kama iliyoanguka, nikarudi kwa vitunguu vyangu nikiwa na uso wa mtu anayekwenda kupigwa picha ya pasipoti.

Akaja na taulo kichwani. Nikasikia kiti kikivutwa. Halafu vidole vikigonga. Halafu vikaacha.

Nikachungulia. Kwenye kioo kulikuwa na maandishi mekundu. Mwenyewe alikuwa ameketi, mikono mapajani, kama mtu aliyefika kituoni akaliona basi mgongo.

"Faili halisomeki," akasema. "Inaniambia huenda limeharibika. Bibi, ndilo faili la moyo."

"Moyo wa nani?"

"Wa mwenzangu wa maabara. Data zote." Akaishika flashi, akaitazama. Kisha akagusa taulo. "Ni mimi. Nilipoinuka kwenda kuoga nilihisi taulo limenasa kitu. Nimeigonga mimi mwenyewe."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Maneno nilikuwa nayo, yamefika kwenye meno kabisa. Nikayameza yakashuka kama klorokwini.

"Pole, mke mwenzangu," nikasema. "Nikuwekee chai?"

*

Aliponieleza kazi yenyewe, niliielewa, na hilo ndilo lililonitia uchungu. Ningekuwa sielewi ningelala vizuri.

Maabarani wanakubandika vibandiko vitatu, viwili mikononi karibu na kiganja na kimoja mguuni, na chombo kinasoma moyo mara mia tano kwa sekunde moja. Lakini umeme wa ukutani unaingia humo bila kualikwa. Unavuma mara hamsini kwa sekunde, muda wote, sauti ile ile. Kwa hiyo ukitazama mchoro wa moyo, unaona mstari wenye manyoya kama kiwavi. Kazi ya mwanafunzi ni kutengeneza kichujio kwenye kompyuta, kwa programu inayoitwa MATLAB, kiutoe ule mvumo na kuuacha moyo.

"Kama chujio la chai," nikasema.

"Chujio la chai linatazama ukubwa, Bibi. Hili linatazama kasi ya mtikisiko. Fikiria kwaya. Kuna mtu mmoja anang'ang'ania noti moja tangu wimbo uanze. Unataka umtoe yeye tu, wengine wasikike kama walivyokuwa."

"Namjua mtu huyo. Alikuwa sauti ya pili."

Alicheka kidogo, kisha akakumbuka, akaacha kucheka. Kichujio chenyewe alikuwa amekwisha kukitengeneza. Kilichopotea ni moyo wa kukipitishia. Kompyuta yake imejaa, ndiyo maana alikuwa anafanyia kazi kwenye flashi moja kwa moja. Programu yake ilikuwa inagawa data vipande na kuviandika ndani ya faili lile lile, na flashi ikatoka katikati ya kuandika. Nakala nyingine hakuwa nayo. Chombo cha maabara ni cha vikundi vingi, hufutwa kila jioni.

Ripoti ilitakiwa Ijumaa saa sita mchana. Chombo kilikuwa na nafasi Jumanne. Na ripoti hiyo, akaniambia akiangalia kikombe, bila alama zake hafikishi kiwango cha kuruhusiwa kuingia kwenye mtihani. Akikosa mtihani, somo hilo lirudiwe mwakani, na masomo mawili ya mwaka wa nne yanayosimama juu yake yasubiri.

"Si umwombe huyo mwenzako data zake?"

"Zake ni za moyo wangu. Ameshazitumia. Bibi, kila moyo una mwandiko wake. Mhadhiri akiona moyo mmoja kwenye ripoti mbili, tunatoka wote wawili."

"Basi mwandikie barua. Muombe muda."

"Bwana Mhimili?" Akashusha pumzi.

Wanamwita hivyo kwa sababu ya michoro. Kila mchoro una mistari miwili, mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama, ndiyo mihimili. Ukisahau kuandika mhimili unapima nini, na kwa kipimo gani, anakata alama mbili. Hasemi kitu. Anakata. Nilikuwa nimemsikia huyo bwana miezi mingi mezani kwangu, na nilikuwa na maoni yangu juu yake, ambayo nilikuwa nimeyatoa hadharani, mbele ya sufuria.

Basi tukaandika barua. Nasema tukaandika, yeye aliandika, mimi nilisaidia.

"Anza na salamu," nikamwambia. "Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali nami."

"Ofisi yake iko ghorofa ya pili, Bibi."

"Kwake si mbali? Haya. Kisha mtie huruma. Sema umefiwa. Yule mjomba wa baba yako hajafa hata mara moja mwaka huu."

"Mjomba alikufa mwaka wa kwanza. Rafiki yangu alimtumia."

"Unawaazima watu wajomba?"

Alinifukuza mezani. Alipomaliza alinisomea, kwa sababu hata akikasirika hukumbuka kwamba herufi za kompyuta zinaniumiza macho.

"Mheshimiwa Mhadhiri. Yahusu: Ombi la kuongezewa muda, ripoti ya maabara ya tatu, usanifu wa vichujio kwa MATLAB. Naomba ripoti yangu ipokelewe Jumatano ijayo saa sita mchana badala ya Ijumaa hii. Leo asubuhi faili la data za moyo liliharibika likiwa linaandikwa, kwa sababu niliigonga flashi ikachomoka. Sikuwa na nakala ya pili. Vichujio nimekwisha kuvitengeneza na programu yake nimeiambatisha, pamoja na faili lenyewe na picha ya ujumbe wa kosa. Fundi wa maabara amenithibitishia nafasi Jumanne saa tatu asubuhi kwa ajili ya kurekodi upya. Sehemu ya nadharia naweza kuileta Ijumaa ukihitaji. Wako mtiifu."

Fupi. Safi. Haina mjomba hata mmoja. Na ndani yake, katikati, kuna uongo, ambao aliyeuandika hakujua kuwa ni uongo.

"Hiyo ya kuigonga," nikasema, "ni lazima uiweke?"

"Ndiyo iliyotokea."

"Si ungesema tu imeharibika? Vitu huharibika."

Akanitazama. "Bibi. Nani alinichapa kwa sababu ya kikombe?"

Alikuwa na miaka sita. Alivunja kikombe, akasema kimeanguka chenyewe. Sikumchapa kwa kikombe, nilimchapa kwa chenyewe. Nikaenda jikoni kutafuta kazi.

Jibu lilikuja mchana. Mistari minne. Bwana yule hata barua anaikata.

"Nimepokea. Kanuni ya somo ni kwamba muda huongezwa kwa jambo lililo nje ya uwezo wa mwanafunzi, kwa ushahidi. Kwa maelezo yako mwenyewe, hili lilikuwa ndani ya uwezo wako. Hata hivyo njoo kesho saa nane mchana, uje na flashi."

Mke mwenzangu aliisoma mara mbili, akaifunga kompyuta polepole. Hakulia. Angelia ningefurahi. Alikwenda akanioshea vyombo vyote, hata vile visafi.

*

Usiku ule nililala barua hiyo ikinilemea kifuani. Kusema ukweli kungemwokoa, hilo hata mtoto angeliona: flashi iliyochomolewa na kizee, yeye akiwa bafuni, iko nje ya uwezo wake. Lakini nilipomwangalia asubuhi akipiga pasi blauzi yake ya kuendea kwa mhadhiri, nikaona aibu yangu ni nzito kuliko pasi. Alikuwa anadhani mimi ni mtu ambaye hasemi chenyewe.

Nikachukua karatasi ya mistari na penseli. Nilisoma hadi darasa la saba. Mwalimu wetu alitufundisha barua ya kirafiki na barua ya kikazi, akahamishwa kabla ya kutufikisha kwenye barua ya kukiri. Nikachanganya zote mbili, nikaikunja, nikaitia kwenye kifua cha gauni, mahali pa vitu vya maana.

"Nakusindikiza," nikamwambia. "Nataka kununua uzi, duka liko njia hiyo hiyo."

"Uzi wa nini?"

"Wa kushona watu midomo."

Jengo lao ni la zege, korido zake zinanuka chaki na waya uliopata moto. Nje ya mlango wa Bwana Mhimili kuna benchi. Nilitakiwa kubaki pale na uzi wangu ambao sikuununua. Yeye alipoingia, nami nikaingia.

Nilitarajia mtu mrefu. Alikuwa mfupi, wa makamo, sweta limetoboka kiwiko, na kwenye meza yake kulikuwa na mlima wa ripoti. Pembeni alikaa fundi wa maabara, dada mmoja mwenye bisibisi mfukoni, aliyeitwa aje kuiangalia flashi.

"Shikamoo, mama," mhadhiri akasema, akisimama.

"Marahaba, mwanangu. Usisimame, mimi ni mzigo tu."

"Bibi," mjukuu wangu akanong'ona kwa meno, "umeniambia uzi."

Nikaitoa barua kifuani nikaiweka mezani, juu ya mlima. "Isome kwa sauti," nikasema, "maana na huyu hajaisikia."

Akaisoma. Niliandika hivi:

"Mwalimu, salamu. Huyu mtoto amekuandikia kuwa ameigonga flashi. Hakuigonga. Niliichomoa mimi nikitaka nyimbo, yeye yuko bafuni, na aliponiuliza nikakana. Nimemwacha abebe kosa langu siku nzima na usiku mmoja. Yeye huweka nyimbo zangu humo kwa sababu ananipenda, basi hata ubaya wa kuchanganya vitu ni wangu. Mpe muda wake. Mimi nipe adhabu unayoona inafaa kwa umri wangu. Ni mimi, bibi yake."

Sikumwangalia mke mwenzangu. Niliangalia tundu la sweta.

Mhadhiri akaiweka karatasi chini taratibu. Akavua miwani. "Mama," akasema, kwa upole kabisa, "mwaka huu nimeletewa bibi watatu. Mmoja alimwaga uji kwenye kompyuta. Mmoja alifunga karanga kwa karatasi za ripoti. Wa tatu, nasikitika kusema, aliazimwa kutoka kwa jirani. Bibi ni watu wanaopenda. Wangekubali hata kwamba wao ndio waliozama meli."

"Unaniambia mimi mwongo?"

"Nasema sina ushahidi."

Nimesema uongo mwingi maishani na kila mara nimeaminiwa. Siku nimesema kweli, naambiwa nilete ushahidi! Nilitamani kucheka.

Fundi alikuwa amekwisha kuichomeka flashi kwenye kompyuta ya ofisi. "Faili la data ni kweli limekatika katikati," akasema. "Kichwa kipo, mwili haupo. Kilichobaki hakisomeki." Akaendelea kutazama. "Lakini hii folda nyingine ni ya nini? Inaitwa REC."

"Si yangu," mjukuu wangu akasema. Hiyo ndiyo sentensi yake ya kwanza tangu barua yangu isomwe.

"Hizi huwekwa na redio ndogo ndogo," fundi akasema. "Zile zenye kitufe chekundu cha kurekodi. Kuna sauti moja, dakika nne."

Akabonyeza.

Kwanza ulitoka mvumo. Halafu kisu kwenye ubao. Halafu mimi, nikiimba. Sikujua kwamba ninaimba vibaya namna ile; watu wa nyumbani kwangu wana adabu kubwa. Halafu wimbo ukakatika, nikasikika nikiiambia sufuria:

"Chemka, mama, chemka. Mke mwenzangu akitoka hapo ale ashibe. Amekonda kwa namba. Anaamka kabla ya jogoo, na mimi najifanya nimelala asijione ananisumbua. Hajui kuwa kila siku nikimwona amefungua hiyo kompyuta huwa namwambia babu yake, tazama, tazama mtoto wetu. Halafu anakwenda kwa huyo Mhimili wao anayekata alama kama kinyozi mlevi..."

Bisibisi ya fundi ilianguka sakafuni. Hakuiokota.

Na kwa mbali, ndani ya sauti ile ile, maji yakimwagika, na mjukuu wangu akiita: "Bibi! Usiiguse kompyuta, bado inaandika!" Na mimi, karibu kabisa, na sauti tamu kama asali ya dukani: "Nani aiguse? Mimi na kompyuta wapi na wapi?"

Tiki. Ikaisha.

Mhadhiri alivaa miwani yake, akaivua tena, akaifuta kwa sweta.

"Kinyozi mlevi," akasema.

"Nilikuwa naongea na sufuria," nikasema. "Mazungumzo ya faragha."

Alifanya kitu na mdomo wake ambacho kwa mtu mwingine kingeitwa kicheko. Kisha akamgeukia mjukuu wangu, na uso ukarudi kazini. "Sikiliza. Flashi ilikuwa kwenye redio wewe ukiwa bafuni. Huo ni ushahidi, na jambo hilo liko nje ya uwezo wako. Kufanyia kazi nakala moja tu, hilo liko ndani ya uwezo wako, na mhandisi hafanyi hivyo. Utaniletea ripoti Jumatano saa sita mchana. Si saa sita na dakika moja. Na utaongeza ukurasa mmoja: data zako utazitunza vipi tangu leo. Unaelewa?"

"Naelewa, Mwalimu. Asante."

"Unamrekodi nani Jumanne?"

Akababaika. "Mwenzangu ana jaribio la somo jingine saa hiyo hiyo. Nilikuwa nitafute mtu."

"Mtu yeyote mwenye hiari na akatia saini fomu," akasema mhadhiri, akichukua ripoti ya juu kwenye mlima. Hakuniangalia. Lakini hakuangalia ripoti pia.

*

Njiani mke mwenzangu alitembea hatua mbili mbele yangu. Kwa kawaida hunishika mkono kwenye makutano ya barabara. Siku ile alisimama tu hadi nikamfikia, akavuka, nikavuka.

Tulipita duka la uzi. Tulipita msingi wa nyumba isiyokwisha kujengwa. Mimi nina utani wa kila aina, wa harusini na wa msibani, lakini siku hiyo niliupekua wote sikupata wa kunifaa.

Mlangoni akasema, akitafuta ufunguo, "Siku nzima, Bibi. Nilijiona mjinga siku nzima. Na ulikuwa unanipa chai."

"Vikombe sita," nikasema. "Nilihesabu."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa utaniona nilivyo."

Akaufungua mlango. Tukakaa kwenye meza ile ile. Kisha, bila kuniangalia, akaanza kunieleza kichujio, kama mtu anayezungumza na daftari. Alisema mawimbi ukiyapitisha kwenye kichujio mara moja, yanatoka yamechelewa. Kilele cha moyo kinahama mahali pake. Kwa hiyo wao huyapitisha tena kinyumenyume, kutoka mwisho kwenda mwanzo, na kule kuchelewa kunafutika, kila kilele kinarudi kilipokuwa.

"Kurudi kinyumenyume kunaumiza magoti," nikasema.

"Umerudi lakini." Akanyoosha mkono akanirekebisha kilemba, ambacho kilikuwa kimekaa sawa. "Na kweli kila siku huwa unajifanya umelala?"

"Hata kukoroma kule ni kwa makusudi."

*

Jumanne saa tatu nilikuwa maabarani, nimeoga mara mbili, nimevaa gauni la harusini. Nikatia saini fomu, saini ndefu, yenye mkia. Fundi akanibandika vibandiko vitatu. Chombo kinatumia betri, akanieleza, siwezi kupigwa na umeme. Nikamwambia katika umri wangu ningeushukuru.

"Tulia, Bibi," mjukuu wangu akasema. "Usiongee, usicheke, usibane mikono. Misuli ikifanya kazi, umeme wake unaingia kwenye mchoro, na huo hauko kwenye noti moja kama mvumo wa ukutani. Unatapakaa kila mahali. Kichujio changu hakiwezi kuutoa."

Dakika ya kwanza ilikwenda vizuri. Kisha fundi, akiwa amekaza uso kwenye kioo, akaanza kuimba chini chini wimbo ambao sikuwa na shaka ameujulia wapi. Hata mahali nilipokosea alikosea hapo hapo. Nikacheka, mstari wangu ukageuka nyasi.

"Dada fundi!" mjukuu wangu akalia, na yeye mwenyewe anacheka. "Tuna nusu saa tu!"

Tukarudia. Safari hii nilifumba macho nikamfikiria sauti ya pili wa kwaya, mtu asiyechekesha hata kidogo. Dakika mbili kamili. Akahifadhi kwenye kompyuta ya maabara, akahifadhi kwenye flashi mpya, akajitumia kwa barua pepe, ndipo akapumua.

Kisha akaniita nitazame. Kwanza akanionyesha kiwavi: manyoya matupu, na mstari wenyewe unapanda na kushuka kwa pumzi zangu. Akaandika maneno mawili matatu, akabonyeza. Manyoya yakaondoka. Mstari ukatulia. Kukabaki vilele vyembamba, kimoja baada ya kingine, vimepangana kama watoto wanaoingia darasani.

"Ndio huo," akasema. "Ulikuwa humo muda wote."

Nikautazama kwa muda mrefu. Nilidhani moyo wangu utakuwa umepinda zaidi.

Ripoti iliingia Jumatano saa tano na dakika kumi. Baada ya wiki mbili ilirudi. Alama kamili zilikuwa thelathini. Alipata ishirini na nane. Tukafunua kutafuta mbili zimekwenda wapi. Ukurasa wa tisa, mchoro wa mwisho, ule wa moyo uliosafishwa. Mhimili wa kulala: muda, kwa sekunde. Mhimili wa kusimama, mahali pa kuandika umeme wa moyo kwa milivolti, kumeandikwa: BIBI YANGU.

Anasema alisahau kubadilisha. Mtu anayesahau haandiki kwa herufi kubwa.

Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mwandiko mdogo uliosimama wima: "Mhimili hauna kipimo. Alama mbili." Na chini yake, pale wahadhiri wanapotia saini, neno moja tu: "Kinyozi."

Ukurasa huo ameniachia. Uko dirishani jikoni, nyuma ya redio, ambayo kitufe chake chekundu sasa kimezibwa na plasta.